Mkurugenzi anataka tumfanyie bure mwezi mmoja kwanza

Habari za kazi, mshauri.

Mimi na wenzangu wawili tunafuatilia ankara zilizochelewa kulipwa kwa niaba ya kampuni nyingine. Tunawapigia wateja wao, tunawakumbusha kwa ujumbe, na mteja akigoma kulipa kwa sababu mzigo ulipungua au bei ilikosewa, tunalifikisha suala kwa anayehusika mpaka limalizike. Kwa miezi mitatu sasa nazungumza na kampuni moja ya usambazaji. Meneja wao wa fedha ametuelewa na anatutaka. Kikwazo ni mkurugenzi. Hakatai, ila kila tukikutana ana neno jipya. Mara "wateja wetu tumezoeana nao miaka mingi, sitaki wasumbuliwe na watu baki." Mara "tutaangalia bajeti." Wiki iliyopita akasema tumfanyie bure mwezi mmoja, akiridhika tutaandikiana mkataba wa mwaka. Wenzangu wanaona tukubali. Mimi nafikiria kumwomba majaribio ya kulipia, lakini naogopa nikitaja pesa atafunga mlango. Na hata akikubali, sijui nimtoze kiasi gani wala tupime nini. Nifanyeje?

Mwenye Kubisha Hodi

*

Ndugu yangu Mwenye Kubisha Hodi,

Kabla ya bei, rudi kwenye maneno ya mkurugenzi. Umeyaandika kama visingizio, na mimi nadhani moja kati yake si kisingizio hata kidogo. Mtu anayesema hataki wateja wake wasumbuliwe na watu baki anakuambia waziwazi anachoogopa. Hana shaka kwamba mnaweza kukusanya pesa. Anaogopa kwamba mtazikusanya kwa namna itakayomfanya mteja wa miaka kumi ampigie simu usiku kulalamika. Sasa ukimpelekea majaribio yanayopima pesa peke yake, hata mkifanya vizuri kupita kiasi, mwisho wa mwezi atakuwa na hofu ileile aliyoanza nayo. Kwa hiyo majaribio yako yana mambo mawili ya kupima: ankara zinalipwa mapema kuliko sasa, na wateja hawakukereka. Andika yote mawili, na la pili liwe juu kwenye karatasi.

Hilo la bajeti lichunguze tofauti. Muulize meneja wa fedha, kwa faragha na bila kuzunguka: "Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuidhinisha matumizi ya kiasi gani bila kupeleka juu?" Jibu lake litakusaidia kwenye bei, nitalirudia hapo mbele. Na kama atakuambia kwamba mwaka huu hakuna fungu lolote na hata mkurugenzi hawezi kulipata, basi acha habari za majaribio mpaka fungu lipatikane. Majaribio yanaondoa hofu, hayaleti pesa mahali pasipo na pesa.

Sasa hilo la bure. Niliwahi kulifanya. Kampuni moja iliniambia maneno karibu sawa na hayo uliyoambiwa wewe, nami nikakubali miezi miwili bila malipo, nikijiona mjanja. Orodha ya wateja niliyohitaji siku ya kwanza niliipata wiki ya tano. Si kwamba walikuwa na nia mbaya. Mhasibu aliyetakiwa kuitoa alikuwa na kazi kumi zilizolipiwa, yangu ilikuwa ya kumi na moja. Mwisho nilipeleka ripoti nzuri ya kurasa nane, nikaambiwa meneja niliyekuwa nikishughulika naye amehamishwa, na aliyekuja hakujua kwamba kuna majaribio yoyote yaliyofanyika. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu hapakuwa na hati ya malipo, na kazi isiyo na hati ya malipo haina mwenyewe ndani ya kampuni. Ada, hata ikiwa ndogo, inamlazimu mtu fulani kuweka saini, na aliyeweka saini atataka kujua alinunua nini. Hiyo ndiyo sababu ya kutoza. Faida yenu katika hatua hii ni jambo la baadaye.

Kiasi gani? Kihesabu kutoka kwenye siku za kazi, usikibuni. Nikadirie kwa niaba yako, utarekebisha unavyojua. Tuseme mtashika ankara 80 za wateja 40 hivi. Kuandaa orodha, kukubaliana maneno ya kusema na kufungua kumbukumbu ni siku 3 za mtu mmoja. Kufuatilia ni nusu siku kila siku ya kazi kwa wiki 6, yaani siku 15. Kuhesabu na kuandika ripoti ni siku 2. Jumla ni siku 20. Kama mkataba wenu wa kawaida unaweka watu wawili kwa mwezi mzima, hizo ni siku 44 hivi, basi ada ya majaribio inakuja chini kidogo ya nusu ya ada ya mwezi mmoja. Linganisha na kile kiwango ambacho meneja wa fedha anaruhusiwa kuidhinisha. Ikiwa imezidi kidogo, punguza idadi ya wateja, usipunguze bei ya siku. Ukishusha bei ya siku kwenye majaribio, hiyo ndiyo bei atakayoikumbuka mkurugenzi siku ya mkataba, na utatumia mwaka mzima kueleza kwa nini imepanda.

Kuna punguzo moja tu ninaloliona la haki. Zile siku 3 za maandalizi mngezifanya hata kama mngeanza na mkataba moja kwa moja, na hamtazirudia. Mwambie kwamba akisaini mkataba ndani ya siku 30 baada ya ripoti, thamani ya siku hizo 3 itakatwa kwenye ankara ya kwanza. Ni kitu kidogo, lakini kinaeleweka, na kinampa sababu ya kutoliacha jambo likalala. Malipo yenyewe yagawe: nusu kabla ya kuanza, nusu mnapokabidhi ripoti, iwe nzuri au mbaya. Atakuambia, "Nitakulipa asilimia ya mtakachokusanya." Usikubali kwa kazi ndogo namna hii. Mteja aliyelipa Jumatano baada ya simu yenu ya Jumatatu, nani atathibitisha kwamba asingelipa tu mwenyewe? Mtamaliza majaribio mkigombania sifa ya kila ankara, na hapo ndipo uhusiano unapoharibika kweli.

Nifike kwenye upimaji, maana hapa ndipo majaribio mengi yanapokufa bila mtu kujua.

Jambo la kwanza, atataka kukupa madeni sugu. Ni tabia ya binadamu: "Hawa wamenishinda miezi minane, nione kama mtawaweza." Kataa kwa upole. Deni la miezi minane mara nyingi lina ugomvi ndani yake, au mdaiwa kafilisika, na hakuna ukumbusho unaoponya hayo. Zaidi ya hapo, si kazi atakayowapa kwenye mkataba. Mkataba ni wa ankara za kawaida zinazochelewa kwa uzembe na usahaulifu, kwa hiyo hizo ndizo za kujaribia. Omba ankara zote ambazo tarehe yake ya kulipwa inaangukia ndani ya wiki mbili za kwanza za majaribio. Ondoa zilizo na ugomvi tayari. Ondoa pia wateja wawili watatu wakubwa ambao mkurugenzi ni rafiki yao, na mwache awataje yeye mwenyewe. Utaona uso wake unalegea ukimwambia hao hamtawagusa.

Tuseme zimebaki ankara 160 za wateja 80. Msizishike zote. Gawanyeni mara mbili, kundi moja mlifuatilie ninyi, jingine waendelee nalo wahasibu wao kama kawaida. Bila kundi la kulinganisha, mkipata matokeo mazuri mkurugenzi atasema ulikuwa mwezi mzuri, yakiwa mabaya mtasema ulikuwa mwezi mbaya, na nyote mtakuwa mnakisia. Mgawanyo wenyewe ufanyeni mbele ya meneja wa fedha. Wapangeni wateja kuanzia anayedaiwa kikubwa hadi kidogo, wachukueni wawili wawili kutoka juu, kisha kwa kila jozi mrushe sarafu: mmoja kwenu, mmoja kwao. Ni jozi 40, haitachukua nusu saa. Angalia kwamba mnagawanya wateja, si ankara. Mteja mmoja akiwa na ankara moja kwenu na nyingine kwao, simu yenu itamkumbusha zote mbili, na kundi lao litaonekana limefanya vizuri kwa jasho lenu.

Kipimo kiwe kimoja: ankara ngapi zimelipwa zote ndani ya siku 30 baada ya tarehe yake. Hesabu siku vizuri hapa. Ankara ya mwisho itafikia tarehe yake siku ya 14, ukiongeza 30 ni siku ya 44. Ndiyo maana mwezi mmoja anaoutaka mkurugenzi hautoshi hata kama ungekuwa wa bure, maana mngefunga hesabu wakati karibu ankara zote hazijapewa muda wake. Wiki 6 za kazi, ripoti wiki ya 7.

Halafu mkubaliane mapema ushindi ni nini. Muombe meneja wa fedha takwimu za miezi 6 iliyopita, atoe yeye, usikadirie wewe. Tuseme zinaonyesha kwamba katika kila ankara 100, 52 hulipwa ndani ya siku hizo 30. Katika kundi la ankara 80 hiyo ni kama 42. Mkiwazidi wenzenu kwa ankara 3 au 4, hiyo si kitu, sarafu ingeweza kuwapa tofauti hiyo hata kama kila mtu angekaa kimya. Majaribio madogo hivi yanaonyesha tofauti kubwa tu, tofauti ndogo hayaioni, na ni heri ukalisema mwenyewe kabla hajaligundua. Mimi ningeandika hivi: mkizidi kwa ankara 12 au zaidi, mmefaulu. Mkizidi kwa 4 au chini ya hapo, mmeshindwa. Katikati yake, mkataba wa miezi mitatu badala ya mwaka, kwa bei ileile. Usiruhusu neno "majaribio ya pili" liingie kwenye karatasi, kwa sababu mtu asiyependa kuamua ataling'ang'ania hilo. Makundi yasipolingana idadi ya ankara, geuzeni iwe asilimia. Na kwenye ripoti onyesheni idadi na thamani ya pesa, zote mbili, kwa sababu ankara moja kubwa ikilipwa siku ya 29 inaweza kupaka rangi thamani nzima.

Kwa upande wa wateja kukereka, kipimo ni rahisi zaidi. Mkurugenzi asome na aidhinishe maneno mtakayotumia kabla simu ya kwanza haijapigwa, na mjitambulishe kwa jina la idara yake ya hesabu, kwa idhini yake ya maandishi. Mteja asipigiwe zaidi ya mara moja kwa wiki. Meneja wa fedha akisema "huyu mtoeni", atolewe siku hiyohiyo bila maswali, ila hesabuni wametolewa wangapi. Wateja watatu kati ya 40 wakilalamika kwake kuhusu namna walivyoongeleshwa, majaribio yamefeli hata kama pesa zote zimeingia. Najua kipengele hicho kinatisha. Lakini ndicho kitakachomfanya akusikilize, kwa sababu kinaonyesha kwamba hofu yake mmeichukulia kwa uzito kuliko ada yenu.

Kuna hila moja inayotokea bila mtu kupanga. Wahasibu wao wakijua kuna kundi la kulinganishwa nalo, wataanza kupiga simu kwa bidii ambayo hawajawahi kuwa nayo. Utaitambua mapema: kundi lao nalo litapanda juu sana ya zile 52 za kawaida. Ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji takwimu za miezi 6. Likitokea, lisemeni kwenye ripoti kwa heshima, bila kumshutumu mtu. Makundi yote mawili yamepanda kwa sababu ankara zote zimefuatiliwa, na swali linalobaki kwa mkurugenzi ni kama bidii hiyo itadumu ninyi mkishaondoka.

Yote haya yaingie kwenye ukurasa mmoja. Ukizidi ukurasa, atampelekea mwanasheria, na utasubiri tena miezi mitatu. Siri ya taarifa za wateja wake iwekewe aya fupi: mtazitumia kwa kazi hii tu, na mtazifuta ndani ya siku 7 baada ya ripoti asipoendelea. Weka pia kwamba upande wowote unaweza kusimamisha kazi mwisho wa wiki ya pili, naye atakuwa amepoteza ile nusu ya kwanza tu. Hapo unaweza kumwambia kwa tarakimu ni kiasi gani hasa anahatarisha, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumtajia.

Sehemu ambayo watu huiona ya aibu kuiandika ni ya uamuzi. Iandike. Kitu kama hiki:

"Tarehe fulani, saa nne asubuhi, tutakutana mkurugenzi, meneja wa fedha na sisi kwa dakika 45 kusoma matokeo. Ikiwa vigezo viwili vya hapo juu vimetimia, tutasaini mkataba wa mwaka kwa ada iliyoandikwa hapa chini, kuanzia tarehe moja ya mwezi unaofuata. Ikiwa tumezidi kwa ankara zaidi ya 4 lakini chini ya 12, na kigezo cha wateja kimetimia, tutasaini mkataba wa miezi mitatu kwa bei ileile. Vinginevyo, tutakabidhi kumbukumbu zote na kazi itaishia hapo."

Ada ya mwaka itajwe palepale, kabla ya majaribio kuanza. Ukiificha mpaka siku ya matokeo, majadiliano ya bei yataanza upya siku hiyohiyo. Na kikao kiwekwe kwenye kalenda ya mkurugenzi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Asipokuwa na nafasi ya dakika 45 wiki saba mbele, umepata jibu lako bila kutumia hata siku moja.

Unaogopa kutaja pesa, kwa hiyo nikupe maneno, uyageuze yawe yako: "Mkurugenzi, nimefikiria ulichosema kuhusu wateja wako kusumbuliwa, na nakubaliana nawe, huwezi kununua mbuzi kwenye gunia. Mwezi wa bure sitauweza, kwa sababu kazi ya bure hufanywa nusunusu, na kwa wateja wako sitaki kufanya nusunusu. Nimeleta ukurasa mmoja. Wiki saba, wateja 40, ada isiyofika nusu ya mwezi mmoja, na watatu wakilalamika tumefeli. Naomba uuangalie kipengele cha wateja kwanza." Kisha nyamaza. Usikimbilie kupunguza bei kwa sababu amekaa kimya sekunde kumi, anasoma.

Anaweza akakataa hata hivyo. Akikataa akitoa sababu mahususi, kwa mfano maneno ya ujumbe au idadi ya simu, huyo bado mnazungumza naye, rekebisha. Akikataa kwa maneno yaleyale ya "tutaangalia", muulize swali moja tu: "Ni kitu gani kingepaswa kubadilika kwenye ukurasa huu ili uuweke saini leo?" Asipokuwa na la kutaja, tatizo si hatari ya majaribio, na hakuna majaribio mtakayobuni yatakayolitatua. Muage vizuri, endelea kumsalimia meneja wa fedha kila baada ya miezi michache, na muda wenu mpelekeeni mwingine.

Wenzako wanaosema mkubali bure nawaelewa, mlango uliofunguliwa nusu unatamanisha. Waonyeshe zile siku 20, muulizane ni mteja gani wa sasa anayelipa ambaye mtamnyang'anya siku hizo.

Na ukurasa huo usimpelekee mkurugenzi moja kwa moja. Kaa nao kwanza na meneja wa fedha, mwache afute na kuandika kwa kalamu yake, hasa kwenye zile takwimu za miezi 6 na kwenye orodha ya wateja wa kuondolewa. Mkurugenzi akiuliza "namba hizi zimetoka wapi?", anayefaa kujibu ni yeye, nawe ukiwa umekaa pembeni.